Sitini kwa Sitini Ambayo Haikuwa Sawa: Tulivyogawana Uwekezaji Baada ya Talaka

Pendekezo la kwanza la mgawanyo lilikuwa kwenye karatasi moja, na ukilitazama haraka huoni tatizo lolote. Uwekezaji wote tuliouchuma katika ndoa ulikuwa na thamani ya milioni 120. Mimi nichukue hisa za milioni 30 na kiwanja cha milioni 30. Baba watoto achukue hati fungani za milioni 36, akiba yake ya pensheni ya milioni 20, na milioni 4 zilizokuwa benki. Sitini kwa sitini. Mtu aliyeiandaa karatasi ile alikuwa ameombwa na sisi wote wawili, na siamini kwamba alikusudia kumwonea yeyote. Alijumlisha tu thamani zilizoandikwa kwenye taarifa za akaunti, akagawa kwa mbili.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi ameshikilia karatasi ya namna hiyo na amechoka. Najua uchovu ule. Baada ya miezi ya maneno makali, ukiona namba mbili zinazolingana unatamani kusaini ili yaishe. Usisaini siku hiyo. Namba zangu nimezisawazisha kidogo ili zifuatike kwa urahisi, na viwango vya kodi na ada ni vile vilivyotuhusu sisi. Vyako utaviulizia kwa wakili au mhasibu wa pale ulipo. Ila njia ya kufikiri ni ileile.

Dada yangu mkubwa ni mhasibu. Nilimpelekea karatasi usiku, akaisoma kimya, kisha akaniuliza swali moja: "Hizi hisa mlizinunua kwa bei gani?" Sikuelewa bei ya zamani inahusiana vipi na mgawanyo wa leo. Akachukua kalamu akanionyesha.

Hisa zetu zilikuwa 30,000, zote za kampuni moja, na siku ile kila moja ilikuwa inauzwa 1,000. Tulikuwa tumezinunua kwa jumla ya milioni 10. Kwa hiyo ndani ya ile milioni 30 kulikuwa na faida ya milioni 20 ambayo haijawahi kutozwa kodi. Siku nitakapoziuza, kodi ya ongezeko la mtaji ya asilimia 15 ingechukua milioni 3, na dalali wa hisa angechukua asilimia 1, yaani laki tatu. Zinabaki milioni 26.7.

Kiwanja kilikuwa na hadithi hiyohiyo, tena mbaya zaidi. Tulikinunua kwa milioni 10, mthamini akakipa milioni 30. Kodi ingekuwa milioni 3, na dalali wa viwanja anachukua asilimia 5, yaani milioni 1.5. Zinabaki milioni 25.5, kama mnunuzi atapatikana kwa bei hiyo, na hakuna ajuaye atapatikana lini.

Upande wa pili, hati fungani za milioni 36 zilikuwa na thamani ya milioni 36 kwelikweli. Zikiiva, serikali inarudisha kiasi kilekile kilichoandikwa, na wakati unasubiri unalipwa riba. Hakuna ongezeko la kutozwa kodi. Pensheni ya milioni 20 ingekatwa kodi siku ya kuitoa, kwa makadirio ya asilimia 10, zikabaki milioni 18. Fedha za benki ni fedha za benki.

Alipojumlisha, upande wangu ulikuwa milioni 52.2 na upande wa baba watoto milioni 58. Tofauti ya milioni 5.8 ilikuwa imejificha ndani ya sitini kwa sitini. Na hapo hatujagusa jambo ambalo lilinitisha kuliko kodi: karatasi ile ilinipa mali, lakini haikunipa hata senti ya kutumia mwezi ujao. Hati fungani zilikuwa zinalipa riba ya asilimia 10, yaani milioni 3.6 kwa mwaka. Gawio la hisa zote halikufika milioni moja. Kiwanja hakiingizi chochote, kinadai kodi ya ardhi na mtu wa kukiangalia. Watoto wangebaki kwangu. Ningelazimika kuuza hisa ndani ya mwaka wa kwanza, kwa bei yoyote itakayokuwepo, ili nilipe ada ya shule.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza ni kuongeza safu tatu pembeni ya thamani ya soko katika orodha ya mali: mlinunua kwa kiasi gani, kitabaki kiasi gani mkononi baada ya kodi na ada, na kinaweza kugeuzwa kuwa fedha ndani ya muda gani. Ukijaza safu hizo kwa uaminifu, mabishano mengi yanajitatua yenyewe.

Kuzijaza si kazi nyepesi. Bei ya ununuzi haionekani kwenye taarifa ya akaunti ya hisa. Pale unaona idadi na bei ya leo tu. Ilibidi tumwombe dalali atutolee historia ya miamala yote tangu akaunti ilipofunguliwa. Ombi hilo lifanyeni mapema, mkiwa bado mnaongea, kwa sababu akaunti ikiwa kwa jina la mmoja, mwingine hana haki ya kuuliza bila amri ya mahakama. Mkusanye pia taarifa za benki za miaka mitatu ya nyuma, za kila akaunti. Nilikaa na zetu mezani, nikaweka rula chini ya kila mstari na kuushusha taratibu. Katikati ya mistari ya mishahara na bili niliona malipo madogo yaliyokuwa yakiingia mara mbili kila mwaka kutoka kwa kampuni ambayo hisa zake hazikuwemo kwenye orodha yetu. Ni gawio la hisa alizonunua baba watoto zamani, zenye thamani ndogo, na alizisahau kweli. Zilipotajwa alizikubali papo hapo, akaziuza, tukagawana. Gawio na riba vinaacha alama benki hata pale cheti kimepotea. Ukitafuta mali ambayo haijatajwa, anza na fedha zinazoingia kabla ya kutafuta vyeti.

Tulikwenda kwa mpatanishi badala ya kupambana mahakamani, na yale tuliyoafikiana yakapelekwa mahakamani kuthibitishwa. Hapo ndipo hoja ya kodi ilipopingwa. Baba watoto alisema, "Mama watoto, hujauza hisa hata moja. Kodi ya nini? Unaweza kukaa nazo miaka ishirini." Na lazima niseme hoja yake ilikuwa na uzito. Kodi ambayo italipwa baada ya miaka ishirini si mzigo sawa na kodi ya kesho, na kuna mahakama ambazo hazikubali kabisa kuhesabu kodi ya mauzo ambayo hayajapangwa. Mpatanishi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza swali lililobadilisha mazungumzo: "Ndugu yangu, ungekubali mbadilishane? Wewe uchukue hisa na kiwanja, yeye achukue hati fungani na benki?" Alinyamaza kidogo. Akasema hapana. Baada ya hapo hatukubishana tena kama kuna tofauti. Tulibishana kuhusu ukubwa wake tu.

Swali hilo la kubadilishana lina nguvu kuliko hesabu zote za dada yangu. Kama mtu anayependekeza mgawanyo hayuko tayari kuupokea upande wa pili, mgawanyo huo hauko sawa, na yeye mwenyewe anajua.

Mpatanishi alitupa njia ambayo sikuwahi kuifikiria. Badala ya huyu kuchukua aina hii na yule kuchukua aina ile, kila kinachoweza kukatika tukikate katikati. Nusu ya hisa kwake, nusu kwangu. Faida yake ni kwamba hakuna anayehitaji kubashiri. Bei ikipanda, inapanda kwa wote. Kodi ikiongezwa, inatuumiza wote. Thamani inabishaniwa tu kwa vitu visivyokatika.

Lakini hata nusu kwa nusu ina mtego wake, na huu ndio uliochukua muda wetu mwingi. Hisa zetu 30,000 hazikununuliwa siku moja. Tulinunua 20,000 mwanzoni kwa 200 kila moja, na 10,000 miaka ya baadaye kwa 600. Rasimu ya kwanza ya dalali ilinipa hisa 15,000 zote kutoka lile fungu la zamani, na baba watoto akapewa 10,000 za fungu jipya na 5,000 za zamani. Idadi ni ileile na bei ya soko ni ileile. Ila fungu langu lilikuwa na faida ya milioni 12 ndani yake, yaani kodi ya milioni 1.8, na lake lilikuwa na faida ya milioni 8, yaani kodi ya milioni 1.2. Laki sita zinapotea kwa namna ambayo hakuna taarifa ya akaunti itakayoionyesha. Tulidai kila fungu ligawanywe peke yake: 10,000 za zamani na 5,000 mpya kwa kila mmoja. Kuna nchi ambazo kodi hupigwa kwa wastani wa bei zote za ununuzi, na huko jambo hili halina madhara. Uliza kabla ya kukubali.

Tena tuliandika idadi ya hisa, hatukuandika fedha. Rasimu ilisema nitapewa "hisa za thamani ya milioni 15". Kati ya siku ya kusaini na siku ya uhamisho kukamilika, miezi inaweza kupita. Tuseme bei imeshuka kutoka 1,000 hadi 800. Ili nipate milioni 15 zangu kamili ningehitaji hisa 18,750, na yeye angebaki na 11,250 zenye thamani ya milioni 9. Hasara yote ingekuwa juu yake. Bei ikipanda, mimi ndiye ningepunjwa. Tukabadilisha: hisa 15,000 kwa kila mmoja, na gawio lolote litakalolipwa kabla ya uhamisho ligawanywe kwa uwiano huohuo. Sentensi mbili hizo zilitulinda wote, na nilifurahi kuona anazikubali bila kusukumwa.

Hati fungani zilikuwa mbili, moja ya milioni 20 iliyokuwa inakaribia kuiva na nyingine ya milioni 16 iliyobakiza miaka mingi. Hapa mpatanishi alitukumbusha kwamba kiasi kilichoandikwa kwenye cheti ni kile utakacholipwa ukisubiri hadi mwisho. Ukiiuza kabla, bei inategemea riba ya sokoni siku hiyo: riba mpya zikiwa juu kuliko yako, yako inashuka thamani, na yenye miaka mingi ndiyo inayoshuka zaidi. Tuliomba bei ya soko ya zote mbili, na ilikuwa karibu sawa na ya cheti, kwa hiyo tuliendelea na namba zilezile. Kama pengo lingekuwa kubwa, tungetumia bei ya soko.

Pensheni ndiyo iliyokuwa ngumu. Ilikuwa kwa jina lake, na sehemu aliyochangia kabla ya ndoa tulishaiondoa. Milioni 20 ni ile iliyokusanywa tukiwa pamoja. Kuna mahali ambapo mahakama inaweza kuuamuru mfuko uigawe akaunti mara mbili, lakini lazima iwe amri inayouelekea mfuko wenyewe, kwa maneno unayoyakubali. Hati ya talaka peke yake mara nyingi haitoshi. Sisi tuliamua abaki nayo yote na mimi nifidiwe kwa kitu kingine. Yeye alitaka ihesabiwe pungufu kwa sababu hawezi kuigusa hadi astaafu. Mpatanishi alimjibu kwamba wakati anasubiri, mfuko unamwongezea faida kila mwaka, na faida hiyo ndiyo malipo ya kusubiri. Tukaiacha kwenye milioni 18 baada ya kodi. Angalizo moja: hesabu hii inafaa kwa mfuko ambao salio lako ni michango pamoja na faida yake. Kama mfuko unaahidi malipo ya kila mwezi kwa kufuata mshahara wa mwisho na miaka ya utumishi, salio la michango huwa dogo kuliko thamani halisi, na hapo anahitajika mtaalamu wa hesabu za bima. Usikubali mtu akusomee salio la michango tu.

Kiwanja tulikubaliana kiuzwe na kila mmoja achukue nusu ya kitakachobaki. Dada alisisitiza tuandike bei ya chini tutakayoikubali, muda wa kusubiri, na kwamba muda huo ukipita bei ya chini inashuka kwa asilimia tuliyoitaja, bila kuhitaji kikao kingine. Bila kifungu hicho, anayetaka kuchelewesha anaweza kukataa kila mnunuzi.

Baada ya kukata vinavyokatika, ilibaki kusawazisha pensheni na benki. Pensheni milioni 18, benki milioni 4, jumla 22, kila mmoja anastahili 11. Yeye anayo 18. Mimi nikachukua benki yote, milioni 4, na milioni 7 kutoka kwenye fungu lake la hati fungani. Kwa hiyo badala ya kila mmoja kupata hati fungani za milioni 18, mimi nilipata 25 na yeye 11, tukizichukua karibu kwa uwiano uleule kutoka ile inayokaribia kuiva na ile ya miaka mingi: mimi 14 na 11, yeye 6 na 5. Ukipiga hesabu ya kinachobaki mkononi, mimi nina nusu ya hisa 13.35, hati fungani 25, benki 4 na nusu ya kiwanja 12.75, jumla milioni 55.1. Yeye ana 13.35, 11, pensheni 18 na 12.75, jumla milioni 55.1. Nilipoiona namba ile mara mbili nililia, na sikulia kwa ushindi. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kulikuwa na jambo ambalo wote wawili tuliliamini.

Gharama zilikuwepo. Mpatanishi, mthamini na wakili wa kuandika hati vilinigharimu milioni 1.2 upande wangu. Niliilipa kutoka kwenye mshahara na mkopo kutoka kwa dada. Karatasi ya kwanza ingeninyima milioni 2.9, yaani nusu ya ile tofauti ya 5.8, kwa hiyo fedha ile ilijilipa. Kama mali yenu ni ndogo sana, pima: hesabu ya safu tatu unaweza kuifanya mwenyewe, halafu ulipie wakili saa chache za kuikagua tu. Deni dogo la pamoja tulilokuwa nalo tulilimaliza kabla ya yote haya, kwa sababu makubaliano yenu wawili hayaifungi benki. Hati inaweza kusema deni ni la mumeo, lakini kama uliweka saini, benki itakufuata wewe asipolipa.

Jambo la mwisho upande wa mgawanyo: uhamisho ulifanywa kama uhamisho wa talaka, haukufanywa kama mauzo. Tungeuziana, kodi ingedaiwa palepale. Sehemu nyingi zinasamehe kodi wakati wa uhamisho kati ya wanandoa wanaoachana, lakini mpokeaji anarithi pia bei ya zamani ya ununuzi, na mara nyingine kuna muda maalumu wa kukamilisha. Nilihakikisha amri ya mahakama imeambatanishwa na fomu, na nikahifadhi nakala ya historia ya ununuzi. Siku nitakapouza, ni mimi nitakayeulizwa nilinunua kwa kiasi gani.

Kisha nikabaki na mali ambayo sikuichagua. Nadhani hili halisemwi vya kutosha. Mchanganyiko unaotoka kwenye mgawanyo ni matokeo ya mazungumzo, haukupangwa kwa ajili ya maisha yako. Zamani tulikuwa na mishahara miwili, na mmoja wetu akikosa kazi mwingine anashikilia. Sasa mshahara ni mmoja na wategemezi ni walewale. Kuhimili misukosuko kwa watu wawili si kuhimili kwa mmoja.

Nilianza na matumizi. Niliandika kila kitu tulichotumia mimi na watoto hadi nikapata picha ya kweli: takribani laki nane kwa mwezi, na mshahara wangu unazidi hapo kidogo tu. Kwa kipato cha mtu mmoja nilitaka akiba ya dharura ya miezi sita, yaani milioni 4.8. Nilikuwa na 4. Riba ya kwanza ya hati fungani ilijaza pengo, na hadi pengo lilipojaa sikununua uwekezaji wowote. Katika kipindi hicho watu wawili waliniletea mipango ya biashara, mmoja ndugu kabisa. Waliopata habari kwamba una fedha za talaka wanakuja haraka. Niliwajibu wote kwamba fedha zimefungwa hadi tarehe fulani, na ilikuwa kweli kwa sababu nilizifunga mwenyewe.

Ada ya shule ni milioni 2 kwa mwaka. Hati fungani za milioni 25 zinanipa riba ya milioni 2.5 kwa mwaka. Niliziunganisha hizo mbili kwenye akaunti moja isiyo na kadi: riba inaingia, ada inatoka, na kinachobaki kinajazia mfumuko wa bei, maana ada hupanda na riba ile haipandi. Zile milioni 14 zitakapoiva nitazigawa katika hati za vipindi tofauti ili kila mtoto anapofika hatua kubwa ya masomo kuwe na hati inayoiva mwaka huo. Ada ina tarehe inayojulikana, na kitu chenye tarehe inayojulikana sikitegemezei hisa.

Hisa nazo zilihitaji uamuzi. Milioni 15 kati ya 44 nilizokuwa nazo mkononi, yaani theluthi nzima, zilikuwa kwenye kampuni moja. Nilijiuliza: kama ningekuwa na milioni 15 taslimu leo, ningezipeleka zote kwenye kampuni hii? Jibu lilikuwa hapana. Lakini kuuza zote kungeleta kodi yote kwa mkupuo. Kwa kuwa ninaruhusiwa kuchagua fungu la kuuza, nilianza na zile 5,000 za bei ya 600. Faida yake ni milioni 2, kodi laki tatu, dalali elfu hamsini, nikabaki na milioni 4.65 nilizozipeleka kununua vipande vya mfuko wa pamoja uliosambaa kwenye kampuni nyingi. Zile 10,000 za bei ya 200 napunguza kidogokidogo, mwaka baada ya mwaka.

Pensheni sina ya kwake, na yangu ya kazini ni changa kwa kuwa nilichelewa kuajiriwa. Nilijiunga na mpango wa kuchangia kwa hiari, asilimia 10 ya mshahara, ikatwe kabla sijaiona. Miezi ya mwanzo ilibana sana. Nilipunguza mengine, mchango sikuugusa, kwa sababu ndani ya zile hati fungani za ziada nilizopewa ndimo ilimo fidia ya pensheni, na nikizila kwa matumizi ya leo nitakuwa nimekula uzee wangu.

Kiwanja kilichukua zaidi ya mwaka, na kiliuzwa milioni 26 badala ya 30. Baada ya kodi ya milioni 2.4 na dalali milioni 1.3, kila mmoja alipata milioni 11.15. Kile kifungu cha kushusha bei ndicho kilichotuvusha. Hatukupigiana simu hata moja ya ugomvi. Nusu ya fedha ile niliipeleka kwenye vipande, nusu kwenye hati fungani fupi.

Kuna fomu ambazo hakuna atakayekukumbusha. Nenda kwenye mfuko wa pensheni, bima ya maisha, akaunti ya vipande na akaunti ya hisa, ubadilishe jina la mnufaika. Kuna sehemu ambazo hulipa jina lililopo kwenye fomu, na huko wosia wako unaweza usilipindue. Kama watoto ni wadogo, ulizia fedha zitasimamiwa na nani hadi wakue. Mimi nilimweka dada. Badilisha pia akaunti ya benki ya kupokelea gawio, namba ya simu na barua pepe. Gawio langu la kwanza baada ya uhamisho liliingia kwenye akaunti ya zamani ya pamoja, kwa sababu hisa zilihamishwa na maelekezo ya malipo yakabaki yaleyale. Baba watoto alinitumia ujumbe kabla sijauliza, akanirudishia fedha siku hiyohiyo. Asubuhi yake nilikwenda kwa dalali kujaza fomu, na akaunti ya pamoja tukaifunga wiki hiyohiyo.